Watazamaji Wanaondoka Mapema: Je, Ni Kosa la Mwanzo wa Video?

Kila anayepandisha video YouTube na kufungua takwimu zake hukutana na mchoro wa namna moja. Mstari huanzia juu kabisa upande wa kushoto, huporomoka ndani ya sekunde chache, kisha hutulia na kuteremka polepole hadi mwisho. Mwenye video anaona kwamba kati ya kila watazamaji 100, karibu 40 wamekwishaondoka kabla ya nusu dakika. Hukumu inayomjia haraka ni kwamba ameanza vibaya. Anabadilisha muziki, anaongeza kelele, anakata salamu, na video inayofuata inaporomoka vilevile.

Kasoro ya hukumu hiyo ni kwamba mporomoko wa mwanzo upo karibu katika kila video, nzuri na mbaya.

Mwaka 2014 mtafiti Juho Kim na wenzake walichapisha uchunguzi wa video 862 kutoka masomo manne ya jukwaa la edX, ambako wanafunzi husoma kozi za vyuo vikuu kwa njia ya mtandao. Waligundua kwamba kwa wastani asilimia 55.2 ya vipindi vya kutazama vilikatishwa kabla video haijaisha. Kati ya hivyo vilivyokatishwa, asilimia 36.6 vilikatika ndani ya asilimia tatu za mwanzo wa video. Kwa video ya dakika tano, hizo ni sekunde tisa tu. Maana yake, karibu watu 20 kati ya kila 100 waliofungua video waliondoka kabla mwalimu hajafika popote. Na hawa walikuwa wanafunzi waliojiandikisha kwa hiari yao. Wengine walibofya kwa bahati mbaya, wengine walikuta video imeanza yenyewe, wengine walikuwa wakitafuta somo jingine.

Kwa hiyo sehemu fulani ya upungufu wa mwanzo ingetokea hata kama ufunguzi ungekuwa bora kuliko wote duniani. Asilimia 60 ya watazamaji waliobaki kwenye sekunde ya 30 haisemi chochote ikisimama peke yake, kama vile mwanafunzi mwenye alama 60 hawezi kuitwa bora wala dhaifu kabla hatujajua darasa zima limepata ngapi. Ufunguzi hupimwa kwa kuweka video kadhaa zinazofanana upande kwa upande na kuuliza ni ipi iliyopoteza watu kuliko kawaida ya kundi lake, na iliwapotezea sekunde ipi.

Mchoro unasema nini hasa

Ndani ya YouTube Studio, sehemu ya Analytics, kila video ina ripoti iitwayo Key moments for audience retention. Ripoti hiyo hutaja asilimia ya watazamaji ambao bado walikuwa wanatazama ilipotimia sekunde ya 30, na pia humwezesha mwenye chaneli kulinganisha video yake na video zake za karibuni zenye urefu unaokaribiana. Wazo la kulinganisha, basi, limo tayari ndani ya chombo chenyewe. Tatizo ni kwamba mashine huchagua wenzake wa video kwa kuangalia urefu, na urefu peke yake hautoshi kuzifanya video mbili zifanane.

Kabla ya kwenda mbali, ni vizuri kujua namba hiyo hupatikanaje. YouTube huchukua mara ambazo kipande fulani cha video kimetazamwa na kuzigawanya kwa mara ambazo video nzima imetazamwa. Mtu akirudisha nyuma na kutazama kipande kilekile tena, anahesabiwa tena, ndiyo maana mstari unaweza kupanda katikati ya video na hata kuvuka asilimia 100. Mtu akiruka kipande, hahesabiwi katika kipande hicho, ingawa yupo na ataonekana mbele. Jambo hili dogo litakuwa na uzito mkubwa baadaye.

Lipo pia suala la sekunde na sehemu. Anayechota takwimu hizi kwa API ya YouTube hupewa nukta 100 kwa kila video, iwe fupi au ndefu. Video ya dakika nane hugawanyika katika vipande vya sekunde 4.8, na ya dakika 25 katika vipande vya sekunde 15. Kwa hiyo nukta ya tatu ya video fupi ni sekunde ya 14, ilhali ya ile ndefu ni sekunde ya 45. Anayelinganisha nukta kwa nukta analinganisha vitu viwili tofauti kabisa. Ufunguzi hulinganishwa kwa sekunde.

Kuchagua kundi

Tuchukue mfano wa fundi wa pikipiki ambaye hurekodi kazi zake gereji na kuziweka YouTube kwa Kiswahili. Namba zitakazofuata ni za mfano, zimepangwa ili hesabu ionekane vizuri, lakini hatua zake ni zilezile anazoweza kufuata mwenye chaneli yoyote.

Fundi huyu ana video zaidi ya 60. Nyingine ni mahojiano na madereva wa bodaboda, nyingine ni za kulinganisha bei za matairi, nyingine ni video fupi za wima. Zote anaziweka pembeni. Mahojiano hutazamwa na watu waliokuja kusikiliza stori, na video fupi za wima hupimwa kwa walioendelea kutazama dhidi ya waliotelezesha kidole na kupita. Kuzichanganya na mafunzo ya ufundi kungeharibu kipimo chote.

Anabaki na mafunzo manane ya matengenezo, yote ya dakika saba hadi kumi, yote ya pikipiki ndogo za biashara: kubadilisha oili, mnyororo na sproketi zake, breki za nyuma, kurekebisha tapeti, betri, plagi, kabureta na pleti za klachi.

Kisha anachukua takwimu za siku saba za kwanza za kila video, si jumla ya tangu ilipopandishwa. Sababu ni kwamba watazamaji wa video hubadilika kadiri inavyozeeka. Siku za mwanzo huja zaidi watu wanaoijua chaneli, na hao humvumilia fundi. Baada ya miezi huja walioitafuta au waliopendekezewa, wasiomjua kabisa, na hao huondoka upesi. Video ya mwaka jana ikiwekwa kando ya video ya wiki iliyopita, tofauti inayoonekana inaweza kuwa ya wageni na wenyeji, wala si ya ufunguzi.

Mwisho anahakikisha kila video ina watazamaji wa kutosha. Video iliyotazamwa mara 100 ikionyesha kwamba nusu wamebaki, bahati peke yake inaweza kuisogeza namba hiyo pointi kumi juu au chini. Ikitazamwa mara 400, mwanya huo hupungua hadi pointi tano, na kwenye 1,600 hadi mbili na nusu. Katika mfano wetu kila video ilitazamwa zaidi ya mara 1,200 katika wiki yake ya kwanza, hivyo pengo la pointi tatu kwa kiasi kikubwa ni kelele, na pengo la pointi 13 ni habari.

Video mbili zilizoanguka

Fundi anasoma sekunde ya 30 ya kila video. Oili imebakiza asilimia 70, mnyororo 68, breki 67, tapeti 66, betri 64, plagi 63. Kabureta ina 52 na klachi 49. Zikipangwa kwa mfuatano, kiwango cha katikati cha kundi ni 65. Sita zimekaa karibu naye, mbili ziko chini sana. Mtu mwenye haraka angesema hapo hapo kwamba video za kabureta na klachi zilifunguliwa vibaya.

Lakini fundi anaongeza usomaji mmoja zaidi, wa sekunde ya tano. Mantiki yake ni nyepesi. Anayeondoka ndani ya sekunde tano hajausikia ufunguzi. Ameona picha ya kwanza tu na kutambua kwamba hapa sipo nilipotaka kufika. Huyo aliletwa vibaya na kichwa cha video au picha ya kava. Anayeondoka kati ya sekunde ya tano na ya 30 alitulia, akasikiliza, kisha akaamua kuacha. Huyo ndiye shahidi wa ufunguzi.

Kwenye sekunde ya tano, video saba zina watazamaji kati ya asilimia 86 na 90. Kabureta imo humo, ikiwa na 89. Klachi ina 68 tu.

Sasa anagawanya waliobaki sekunde ya 30 kwa waliokuwepo sekunde ya tano. Video sita za kawaida zinatoa kati ya asilimia 73 na 78. Klachi, iliyoonekana kuwa mbovu kuliko zote, inatoa 72, yaani imekaa mlangoni kabisa mwa wenzake. Waliousikia ufunguzi wake walibaki karibu kama wanavyobaki kwenye video nyingine. Kabureta ndiyo iliyoanguka: asilimia 58.

Kwa klachi anakwenda kukagua watu walitokea wapi. Anakuta kwamba wengi walikuja kwa kutafuta, na wengi hawakuwahi kuitembelea chaneli. Kichwa cha video kilisema klachi inateleza na suluhisho ni hili, bila kutaja pikipiki popote. Wenye magari walibofya, wakaona pikipiki imelazwa sakafuni, wakatoka. Hakuna maneno ya kufungulia video yanayoweza kumzuia mtu mwenye gari. Dawa yake ni kubadilisha kichwa na kava, kazi isiyohitaji hata kurekodi upya.

Mtego wa namba ya kugawia

Hesabu hii ya sekunde ya tano hadi ya 30 inasaidia, lakini ina hatari yake. Imewaondoa walioondoka mapema kwenye namba ya kugawia, na kila anayefanya hivyo hupata matokeo mazuri zaidi kuliko hali halisi.

Facebook iliwahi kuonyesha hatari hiyo kwa kiwango kikubwa. Septemba 2016 ilifahamika kwamba wastani wa muda wa kutazama video, ambao kampuni hiyo ilikuwa ikiwaonyesha watangazaji, ulihesabiwa kwa kuwaacha nje wote waliotazama chini ya sekunde tatu. Walioondoka upesi hawakuonekana popote kwenye mgao, na wastani ukavimba. Wakala mmoja mkubwa wa matangazo alielezwa kwamba huenda kipimo kilikuwa kimezidishwa kwa asilimia 60 hadi 80. Watangazaji walioamini namba hiyo waliona video zao zinashika watu kuliko zilivyowashika kweli.

Ndiyo maana fundi wetu anaandika namba zote mbili kwenye daftari lake, waliobaki sekunde ya tano na sehemu yao iliyofika sekunde ya 30. Akiandika ya pili peke yake, video ya klachi itaonekana haina tatizo lolote, ilhali imepoteza theluthi moja ya wageni wake mlangoni.

Kuondoka na kuruka

Inabaki kabureta, yenye 58 dhidi ya kiwango cha katikati cha 74 au 75. Hapa fundi anaacha namba na kuitazama video yenyewe, macho yake yakiwa pia kwenye mchoro.

Sekunde sita za kwanza ni nzuri. Pikipiki inaunguruma, mkono unaachia mafuta, injini inazima. Anarudia kuiwasha, inazima tena. Hii ndiyo kero ya kila mwenye kabureta chafu, na asilimia 89 ya watazamaji walikuwepo. Sekunde ya sita hadi ya 15 kuna salamu, jina la chaneli na ombi la watu kujiunga. Kuanzia sekunde ya 15 anaishika kabureta mkononi na kutaja sehemu zake moja baada ya nyingine: floti, sindano, jeti kubwa, jeti ndogo, skrubu ya hewa. Anaendelea hivyo hadi sekunde ya 41, ndipo bisibisi inapogusa kitu.

Mstari wa mchoro unazama haraka kuanzia sekunde ya 16. Kwenye sekunde ya 30 uko 52. Lakini kwenye sekunde ya 41 unapanda, na kwenye ya 45 unafika 58. Video nyingine za kundi, katika sekunde hiyo ya 45, zina kiwango cha katikati cha 60.

Walioondoka kabisa hawarudi. Mstari uliozama kisha ukapanda hadi usawa wa wenzake unaonyesha kwamba watu wengi waliruka mbele, wakitafuta mahali kazi inapoanza. Upandaji huo ungeweza pia kutokana na watu waliorudia kipande kile, lakini marudio kwa kawaida huchora kichuguu chembamba kinachovuka usawa wa kundi na kushuka mara moja. Hapa mstari ulirejea kwenye usawa na kuendelea na safari yake sambamba na wengine. Hasara halisi ya kabureta ilikuwa kama pointi mbili, si 13.

Tofauti hii inabadilisha matengenezo. Kama watu wangekuwa wameondoka, fundi angehitaji ufunguzi mpya. Kwa kuwa waliruka, anajua walivutiwa na tatizo na walitaka kuliona likitatuliwa. Kilichowachosha ni orodha ya vipuri iliyowekwa mahali pasipo pake. Jina la jeti ndogo lina maana kwa mtazamaji pale jeti hiyo inapofunguliwa na tundu lake kuonekana limeziba. Katika video ijayo ya aina hii, majina yatatajwa kila kipuri kinapotolewa.

Kwa hiyo usomaji wa sekunde ya 30 unahitaji kusindikizwa na usomaji wa mbele kidogo, kwenye sekunde ya 45 au dakika moja. Hii ni muhimu zaidi katika video za mafunzo, ambamo mtazamaji ana shida mkononi na haoni haya kusogeza mbele.

Kosa ambalo wote wanalo

Baada ya kazi yote hii fundi amegundua kwamba kati ya video nane hakuna hata moja iliyoanguka kwa sababu ya maneno yake ya ufunguzi kuwapoteza watu kuliko wenzake. Angeweza kufunga daftari akiwa ameridhika. Lakini kulinganisha ndani ya kundi kuna upofu mmoja mkubwa, nao ni kutoonyesha kosa ambalo kila mwanakundi analo.

Video zote nane zina ile salamu ya sekunde tisa. Ikiwa salamu hiyo inafukuza watu sita kati ya kila 100, inawafukuza katika video zote, na kiwango cha katikati kimeshaimeza hasara hiyo. Hakuna video itakayojitokeza. Kidokezo pekee ni kile kilichoonekana kwenye kabureta, kwamba watazamaji wake wako tayari kuruka maneno ili waione kazi.

Kujua ukweli kunahitaji kutengeneza tofauti kwa makusudi. YouTube humruhusu mwenye chaneli kushindanisha picha za kava kwa watazamaji tofauti wa video ileile, lakini haina kipimo cha namna hiyo kwa mwanzo wa video. Anaweza kuukata mwanzo wa video ya zamani kwa kihariri cha YouTube Studio na kubaki na kiungo kilekile, ila watazamaji wanaokuja baada ya kukata si sawa na waliokuja wiki ya kwanza, na ulinganisho unaharibika kwa sababu ileile ya umri.

Njia iliyobaki ni kupishanisha. Katika mafunzo sita yanayofuata, ya aina ileile na urefu uleule, fundi anaweka salamu kwenye la kwanza, anaiondoa kwenye la pili, anairudisha kwenye la tatu, na kuendelea hivyo. Anapishanisha ili msimu, sikukuu au chaneli yenyewe kukua visielemee upande mmoja. Katika video zisizo na salamu, tatizo la pikipiki linafuatwa mara moja na sentensi moja inayosema kitakachofunguliwa, na kazi inaanza. Vitu vingine vyote, kuanzia kava hadi sauti, vinabaki kama zamani.

Tuseme matokeo ya siku saba za kwanza yanakuja hivi. Zenye salamu zinabakiza asilimia 74, 75 na 73 ya waliokuwepo sekunde ya tano. Zisizo na salamu zinabakiza 80, 82 na 76. Sekunde ya tano yenyewe haikutikisika, iko kati ya 87 na 90 kwa zote sita, kama inavyotarajiwa, kwa sababu salamu ilikuwa haijaanza. Kwenye dakika moja pengo bado lipo, hivyo waliookolewa ni watu waliokuwa wakiondoka kweli.

Hiyo ni dalili nzuri, ingawa kesi haijafungwa. Ile video ya 76 imekaa pointi moja tu juu ya mwenzake mwenye salamu, na katika kundi la zamani video ya oili ilifika 78 ikiwa na salamu yake. Mada ya video ina nguvu yake, na video tatu kwa tatu hazitoshi kuitenga na ufunguzi. Fundi anaongeza duru nyingine ya sita kabla ya kuamua. Safari hii anazipanga kwa jozi za kazi zinazokaribiana, breki za mbele na za nyuma, mnyororo na sproketi, taa na honi, kila jozi ikiwa na moja yenye salamu na moja isiyo nayo, na mpangilio wa nani atangulie ukibadilika kutoka jozi hadi jozi.